Kuchora mgawanyo limbikizi wa kipato cha kaya: kutoka jedwali la utafiti hadi mstari unaosomeka

Ukishika data ya kipato cha kaya, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: katika kila kaya mia, ngapi zina kipato kisichofika kiasi fulani? Wastani haulijibu. Histogramu hulijibu nusunusu, kwa sababu umbo lake hubadilika kila unapopanua au kubana vifungu vyake. Mchoro wa mgawanyo limbikizi hulijibu moja kwa moja, tena kwa viwango vyote kwa pamoja. Mhimili mlalo unabeba kipato, mhimili wima unabeba asilimia ya kaya, na mstari unapanda kutoka sifuri hadi mia bila kushuka hata mara moja. Chagua kipato chochote, panda wima mpaka ugonge mstari, kisha soma asilimia pembeni.

Kuuchora ni rahisi, lakini kuukosea ni rahisi vilevile, na mara nyingi kosa halionekani kwa sababu mstari uliokosewa nao hupanda vizuri kutoka sifuri hadi mia. Kwa hiyo hapa tutachukua jedwali dogo la kaya kumi na kulipitisha hatua kwa hatua, ili kila namba uweze kuihakiki kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Amua ni kipato kipi

Andika sentensi moja kabla ya kugusa data: kipato cha nani, cha muda gani, kabla au baada ya makato. Kwa mfano: «jumla ya kipato cha kaya kwa mwezi, baada ya kodi, pamoja na fedha zinazotumwa na ndugu na thamani ya mazao yaliyoliwa nyumbani». Kipengele hicho cha mwisho kinasahaulika sana. Kaya ya wakulima inayokula ilichovuna ikiandikiwa fedha taslimu peke yake, itaonekana fukara kuliko ilivyo, na sehemu ya chini ya mstari itapanda haraka bila sababu ya kweli.

Hakikisha pia kila mstari wa jedwali unatumia kipindi kimoja. Mfanyakazi wa mshahara hutaja kipato cha mwezi, mkulima hutaja cha msimu, mwenye duka hutaja cha siku. Mdadisi asipovigeuza viwe kipindi kimoja, hakuna mchoro utakaovigeuza kwa niaba yake.

Hatua ya 2: Tenganisha sifuri, pengo na namba za msimbo

Kaya iliyosema haina kipato ina sifuri. Kaya iliyokataa kujibu haina namba yoyote. Hizi ni hali mbili tofauti, na zikichanganywa mstari utaanza juu mno: utaona umeruka ghafla pale kwenye sifuri, pengine kwa asilimia nane au kumi, kabla haujaanza safari yake. Ukiona mruko wa namna hiyo, rudi kwenye dodoso uhesabu ni kaya ngapi zilikataa kujibu.

Kosa la upande wa pili ni misimbo kama 9999 au 999999, ambayo wadadisi huitumia kumaanisha «hajui» au «amekataa». Ikibaki ndani ya safu ya kipato, mstari hukaa bapa kwa umbali mrefu kisha hupanda wima mwishoni kabisa. Kipato halisi cha juu hakifanyi hivyo. Kaya tajiri hutofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mkia wao ni ngazi ndogondogo zilizotawanyika. Ukuta ulionyooka pale kwenye tisa nyingi ni msimbo.

Sifuri za kweli zibaki. Zibaki pia namba hasi, ambazo hutokea kwa kaya ya mkulima au mfanyabiashara aliyepata hasara katika kipindi hicho. Ukizifuta unapunguza idadi ya kaya unayogawia, na asilimia zote za juu yake zinahama.

Hatua ya 3: Panga, kisha limbikiza uzito

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Katika utafiti wa sampuli, kaya moja iliyohojiwa inasimama badala ya kaya nyingi ambazo hazikuhojiwa. Kama ilichaguliwa kwa bahati ya moja katika 150, uzito wake ni 150. Mara nyingi maeneo hayachukuliwi kwa uwiano sawa. Wakati mwingine watafiti huchota kaya nyingi zaidi kwenye maeneo yenye nafuu, ambako zipo chache, ili wapate za kutosha kuzichambua. Kaya hizo hubeba uzito mdogo. Ukihesabu mistari ya jedwali tu bila kujali uzito, unawapa wenye nafuu sauti kubwa kuliko idadi yao.

Hili ndilo jedwali letu, limeshapangwa kuanzia kipato kidogo. Kipato ni cha mwezi, kwa maelfu.

| Kaya | Kipato | Uzito | Watu | Uzito limbikizi | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 45 | 120 | 6 | 120 | 12 |
| 2 | 70 | 80 | 3 | 200 | 20 |
| 3 | 100 | 150 | 5 | 350 | – |
| 4 | 100 | 100 | 4 | 450 | 45 |
| 5 | 130 | 150 | 5 | 600 | 60 |
| 6 | 180 | 100 | 4 | 700 | 70 |
| 7 | 200 | 50 | 2 | 750 | 75 |
| 8 | 260 | 100 | 3 | 850 | 85 |
| 9 | 420 | 100 | 4 | 950 | 95 |
| 10 | 1500 | 50 | 3 | 1000 | 100 |

Safu ya uzito limbikizi unaipata kwa kujumlisha ukishuka: 120, kisha 120 na 80 ni 200, kisha 200 na 150 ni 350, na kuendelea. Jumla ya mwisho ni 1000, maana yake kaya hizi kumi zinasimama badala ya kaya elfu moja. Gawa kila jumla kwa 1000, zidisha kwa 100, na unapata asilimia. Kaya ya 3 haina asilimia yake kwa sababu kipato chake ni sawasawa na cha kaya ya 4. Zikifungamana hivyo, asilimia huandikwa mara moja tu, baada ya kujumlisha zote.

Sasa linganisha na hesabu isiyojali uzito. Katika mistari kumi, mitano ina kipato cha 130 au pungufu, kwa hiyo mtu angesema asilimia 50. Jedwali lenye uzito linasema 60. Kwenye 180 angesema 60 badala ya 70. Pengo la kumi katikati ya mchoro ni kubwa mno kulipuuza, na hakuna chochote katika umbo la mstari kitakachokuonya kwamba umelikosa. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia jumla uliyogawia: kama ni idadi ya mistari ya jedwali, huenda uzito haukutumika, kama inakaribia idadi ya kaya zote za eneo lililopimwa, umetumika.

Kwenye Excel, data ikiwa imeshapangwa, kipato kikiwa safu ya A na uzito safu ya B kuanzia mstari wa pili, andika hivi kwenye C2 kisha uburute chini:

```
=100*SUM(B$2:B2)/SUM(B$2:B$11)
```

Alama ya dola ndiyo inayofanya mwanzo wa jumla ubaki palepale huku mwisho wake ukishuka. Ukiisahau kwenye sehemu ya pili ya fomula, kigawanyo nacho kitaanza kuhama, na asilimia zitaharibika kimyakimya. Fomula itaandika 35 kwenye kaya ya 3. Ifute kabla ya kuchora, kama tulivyofanya kwenye jedwali.

Hatua ya 4: Chora ngazi, usichore mteremko

Kati ya kipato cha 70 na 100 katika data yetu hakuna kaya hata moja. Kwa hiyo asilimia ni 20 kwenye 70, ni 20 kwenye 85, ni 20 kwenye 99. Inapofika 100 inaruka hadi 45 papo hapo. Mchoro wa kweli ni ngazi: bapa, wima, bapa, wima. Excel kwa kawaida huunganisha nukta kwa mistari ya mshazari, na hapo mchoro utasema kwamba kwenye 85 tumeshafika zaidi ya asilimia 30. Hizo kaya za ziada hazipo.

Ukiwa na kaya elfu kadhaa ngazi huwa ndogo kiasi kwamba jicho haliioni tofauti, ila pale penye miruko mikubwa itaonekana, na miruko mikubwa ndiyo inayobeba habari. Katika Python ngazi hupatikana bila taabu:

```python
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt

d = pd.read_csv("kaya.csv")
g = d.groupby("kipato")["uzito"].sum().sort_index()
F = 100 * g.cumsum() / g.sum()

plt.step([g.index[0], *F.index], [0, *F.values], where="post")
plt.ylim(0, 100)
plt.show()
```

Mstari wa `groupby` unafanya kazi mbili: unajumlisha uzito wa kaya zenye kipato kilekile, na unaziacha nje kaya ambazo kipato chake hakipo. Ni sawa kuziacha, ila ujue umeziacha. Linganisha `g.sum()` na `d["uzito"].sum()`. Tofauti kati ya hizo mbili ni uzito wa kaya ambazo mchoro wako hauzisemei. Neno `post` ndilo linaloamua kwamba asilimia inaruka pale kipato kinapofikiwa, kisha inakaa bapa hadi kipato kinachofuata. Ile nukta ya ziada mwanzoni inaufanya mstari uanzie sifuri. Bila hiyo ungeanza ukiwa tayari umesimama kwenye 12.

Wanaotumia R wawe waangalifu: `ecdf()` ya kawaida haipokei uzito kabisa. Itachora bila kulalamika, na utapata ule mstari wenye pengo la kumi.

Hatua ya 5: «Chini ya» au «hadi»?

Mstari tuliouchora unasema asilimia ya kaya zenye kipato cha kiasi fulani *au pungufu*. Lakini watu wengi husema «kaya zilizo chini ya 100». Kwa kipato kinachotofautiana kidogokidogo, tofauti ya kauli hizi mbili haina uzito. Kipato cha kuhojiwa si cha namna hiyo. Mtu akiulizwa anapata kiasi gani, husema mia, mia mbili, mia tano. Ni nadra aseme tisini na saba. Kaya hurundikana kwenye namba za mviringo, na mpaka wa umaskini, yaani kipato ambacho chini yake kaya huhesabiwa maskini, nao unaweza kuangukia kwenye namba ya mviringo.

Angalia jedwali. Kaya zilizo chini kabisa ya 100 ni asilimia 20. Kaya zenye 100 au pungufu ni asilimia 45. Mtu mmoja ataandika kwamba kaya moja katika tano ni maskini, mwingine ataandika kwamba zinakaribia nusu, na wote wawili wametumia data ileile na mpaka uleule.

Kwenye mchoro jambo hili linaonekana wazi: ni ule ukuta wima juu ya 100. Chini ya ukuta ni asilimia 20, juu yake ni 45. Kwa hiyo ukifika kwenye ukuta, taja ncha zote mbili, au sema wazi umechukua ipi. Kama ufafanuzi rasmi wa umaskini unaoutumia unasema «chini ya mpaka», chukua ncha ya chini.

Baada ya hapo jaribu kusogeza mpaka kidogo. Kutoka 95 kwenda 105 asilimia inaruka kutoka 20 hadi 45. Kutoka 270 kwenda 400, umbali mrefu zaidi ya mara kumi, haitikisiki: ni 85 mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo mstari umesimama wima, kaya nyingi ziko bega kwa bega, na uamuzi mdogo kuhusu mpaka unahamisha umati. Mahali ulipolala, mpaka unaweza kuhama bila mtu kuguswa. Kwa maoni yangu, yeyote anayetangaza kiwango cha umaskini kwa namba moja angepaswa kuonyesha pia kipande hiki cha mstari kuzunguka mpaka wake.

Hatua ya 6: Mhimili mlalo

Kaya ya 10 ina 1500, na zilizobaki zote ziko chini ya 450. Ukitumia mhimili wa kawaida, asilimia 95 ya kaya zitabanwa kwenye theluthi ya kushoto, na sehemu kubwa ya mchoro itakuwa mstari bapa unaoenda kumtafuta tajiri mmoja. Una njia mbili.

Ya kwanza ni skeli ya logi, ambapo kila hatua sawa ni kuzidisha na si kujumlisha: 50, 100, 200, 400, 800, 1600. Katika Python ni `plt.xscale("log")`. Inafaa sana, maana kwa kaya yenye 50 kuongezewa 50 ni mabadiliko makubwa, wakati kwa yenye 1500 ni kidogo. Shida yake ni kwamba sifuri na namba hasi hazina mahali kwenye logi. Zisifutwe, acha mstari uanze kushoto ukiwa umeshainuka kwa asilimia yao, na uandike pembeni kwamba kaya kadhaa hazina kipato au zina hasara.

Njia ya pili ni kukata mhimili, tuseme kwenye 500, na kuandika kwamba asilimia 5 ya kaya ziko kulia zaidi. Hapa mstari usilazimishwe kufika mia. Uishie 95, kwa sababu hapo ndipo ulipo. Kwa wasomaji wasiozoea logi ningechagua hii.

Hatua ya 7: Usome kwa pande zote mbili

Kutoka kipato kwenda asilimia tumeshaona. Kurudi nyuma ni hivi: anza na asilimia 50 kwenye mhimili wima, nenda mlalo mpaka ugonge mstari, shuka. Unagonga ukuta ulio juu ya 130, kwa hiyo kipato cha kaya ya katikati ni 130. Anza na 75 na utakuta ngazi iliyo bapa kuanzia 200 hadi 260. Kwa kanuni ya kawaida unachukua pale mstari ulipofika kwa mara ya kwanza, yaani 200.

Sasa tafuta wastani. Zidisha kila kipato kwa uzito wake, jumlisha, gawa kwa 1000: unapata 226.5. Uweke kwenye mhimili mlalo na upande juu. Unagonga mstari kwenye 75. Robo tatu ya kaya zina kipato kilicho chini ya wastani, na sababu kubwa ni kaya ya 10: bila kipato chake, jumla ya 226,500 ingepungua kwa 75,000. Ndiyo maana mipaka ya umaskini ya kulinganisha huegemea kipato cha katikati. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutumia asilimia 60 ya kipato cha katikati kilichorekebishwa kwa ukubwa wa kaya. Kwa data yetu, tukiacha marekebisho hayo kwa sasa, asilimia 60 ya 130 ni 78, na mstari kwenye 78 unasoma 20.

Kaya si watu

Hili halina hatua yake, lakini linapotosha wengi. Mchoro wetu unahesabu kaya. Kaya ya watu sita na kaya ya watu wawili kila moja ni kaya moja. Ukitaka kujua asilimia ya watu wanaoishi katika kaya zenye kipato cha 100 au pungufu, zidisha uzito kwa idadi ya watu kabla ya kulimbikiza. Kwa kaya nne za mwanzo unapata 720, 240, 750 na 400, jumla 2,110. Kwa kaya zote ni 4,210. Hiyo ni asilimia 50, wakati kwa kaya ilikuwa 45. Tofauti inatokana na kaya zenye kipato kidogo kuwa na watu wengi zaidi, jambo la kawaida katika data nyingi.

Tena, 180 kwa watu wanne si sawa na 180 kwa mtu mmoja. Kuna vipimo kadhaa vya kurekebisha hili. Chepesi kabisa ni kugawa kipato kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa idadi hiyo. Kwa watu wanne ni 2, kwa hiyo 180 inakuwa 90. Ukirekebisha, panga jedwali upya tangu mwanzo, kwa sababu mfuatano wa kaya unaweza kubadilika.

Data ikija kwa makundi

Wakati mwingine hupati kaya mojamoja, unapata makundi: hadi 100, zaidi ya 100 hadi 200, zaidi ya 200 hadi 400, zaidi ya 400. Hapo unajua asilimia kwenye mipaka ya juu tu. Kwa data yetu ni 45 kwenye 100, 75 kwenye 200 na 85 kwenye 400. Weka nukta hizo tatu, unganisha kwa mistari iliyonyooka, na ukubali kwamba kilicho kati yake ni makisio.

Usiweke nukta katikati ya kundi. Ukiiweka ile 75 kwenye 150, mchoro utasema kwamba robo tatu ya kaya zina 150 au pungufu, na data yetu ya kaya mojamoja inasema ni 60. Mstari mzima unasukumwa kushoto na nchi nzima inaonekana maskini zaidi. Kundi la mwisho nalo halina mpaka wa juu. Simama kwenye 400 na 85. Ukibuni kikomo ili ufike mia, umechora kipato ambacho hakuna aliyekutajia.

Ukiweka mistari miwili pamoja

Kulinganisha miaka miwili au maeneo mawili ndiko mchoro huu unakotoa faida kubwa kuliko yote. Kwanza geuza fedha za mwaka mmoja ziwe na thamani ya mwaka mwingine kwa fahirisi ya bei, la sivyo mstari mpya utahamia kulia kwa sababu ya mfumuko wa bei tu. Kisha angalia kama mistari inakatana.

Mstari wa mwaka wa pili ukiwa chini ya ule wa kwanza kila mahali, basi popote utakapoweka mpaka wa umaskini, asilimia ya kaya maskini imepungua. Huna haja ya kubishana juu ya mpaka. Ikikatana, jibu linategemea mpaka. Tuseme mwaka wa pili unasoma 24 kwenye 70 na 40 kwenye 100, wakati wa kwanza ulisoma 20 na 45. Anayetumia mpaka wa 100 atatangaza kwamba umaskini umeshuka. Anayetumia 70 atatangaza kwamba umepanda. Wote wanasema kweli: walio karibu na mia wamesogea mbele, walio chini kabisa wameongezeka. Mwanauchumi Anthony Atkinson aliliweka sawa suala hili mwaka 1987, akionyesha lini tunaweza kulinganisha umaskini bila kukubaliana juu ya mpaka mmoja.

Kabla hujaamini mkato, pima ukubwa wa sampuli. Kwa sampuli ya bahati nasibu iliyo sahili, utepe unaofunika mstari mzima kwa uhakika wa asilimia 95 una upana huu juu na chini:

```
sqrt(ln(40) / (2*n))
```

Kwa kaya 1,000 ni kama 0.043, yaani pointi 4.3 za asilimia kila upande. Kwa kaya 4,000 ni nusu ya hapo. Kwa kaya zetu kumi ni 43, ndiyo maana jedwali hili linafaa kujifunzia tu. Utafiti wenye uzito tofauti na uliochota kaya kwa vijiji au mitaa huwa na utepe mpana zaidi ya huo, kwa sababu kaya za jirani hufanana. Tofauti ya pointi 4 au 5 kati ya tafiti mbili za kaya 1,000 kila moja, kama ile ya mfano wetu, usiitangaze kuwa mabadiliko kabla hujapata makosa ya kisampuli yaliyokokotolewa kwa muundo halisi wa utafiti.

Maelezo ya chini ya mchoro

Mchoro huu husafiri peke yake. Hukatwa kwenye ripoti na kutumwa bila maandishi yaliyouzunguka. Weka yote muhimu hapohapo chini yake. Kwa jedwali letu ningeandika: «Asilimia ya kaya zenye kipato cha kiasi kilichoonyeshwa au pungufu. Kipato cha jumla cha kaya kwa mwezi, baada ya kodi, kwa maelfu, bila kurekebishwa kwa ukubwa wa kaya. Kaya 10 zilizohojiwa, zimepewa uzito kuwakilisha kaya 1,000. Hakuna kaya iliyoachwa. Mhimili mlalo umekatwa kwenye 500. Asilimia 5 ya kaya ziko juu ya hapo.»